Mwenye duka aliyeniomba radhi kwa Kihindi, na funzo la sarufi nililolipata

MIAKA kadhaa iliyopita, nikiwa mwanafunzi mjini Jaipur, India, niliagiza razai mbili za kumpelekea mama nyumbani. Razai ni blanketi nene la kitambaa chepesi lililojazwa pamba, na za Jaipur zinasifika. Kitambaa chake aghalabu huchapwa maua kwa mkono, kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, katika mitaa kama Sanganer, kisha huanikwa juani. Nilikuwa nimelipa nusu ya bei. Razai zilitarajiwa Jumatano, nami nilikuwa nisafiri Jumapili usiku.

Jumatano hiyo sikuziona razai. Niliona ujumbe kwenye simu. Mwenye duka aliuandika Kihindi kwa herufi za Kilatini, jinsi Wahindi wengi wanavyoandikiana simuni:

*Namaste ji. Aapki do razaiyan aaj deni thin. Humse der ho gayi. Baarish mein kapda nahi sookha. Par aapko pehle batana chahiye tha, nahi bataya, yeh galti hamari hai. Iske liye kshama chahta hoon. Geele kapde mein hum rui nahi bharenge, isliye aaj nahi de payenge. Shanivar shaam paanch baje tak aapke ghar pahuncha denge. Agar aapko manzoor na ho to poore paise aaj hi wapas le lijiye.*

Kwa Kiswahili ni kama kusema: Hujambo mheshimiwa. Razai zako mbili zilipaswa kutolewa leo. Tumechelewa. Kitambaa hakikukauka kwa sababu ya mvua. Lakini ilifaa tukuarifu mapema, hatukukuarifu, na kosa hili ni letu. Kwa hilo naomba msamaha. Hatutajaza pamba katika kitambaa chenye unyevu, kwa hivyo leo hatutaweza kukupa. Tutakufikishia nyumbani Jumamosi kabla ya saa kumi na moja jioni. Ikiwa hukubali, tafadhali chukua pesa zako zote leo hii.

Hiyo ndiyo tafsiri ninayoweza kuitoa sasa. Siku ile, kwa Kihindi changu cha mwaka mmoja, niliusoma vingine kabisa. Sentensi ya tatu ndiyo iliyonikwaza: *Humse der ho gayi*. Neno kwa neno niliona "kutoka kwetu kuchelewa kukawa". Nikajiambia, huyu bwana anakwepa! Ananiambia kuchelewa kumejitokea kwenyewe, kama mvua. Nilikumbuka yale matangazo ya kwetu ya "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza", utadhani usumbufu ni uyoga unaochipuka pasipo mpandaji. Nikamjibu kwa hasira, na katika jibu hilo nikamwita *tum*.

Hapa yafaa nieleze. Kihindi kina viwakilishi vitatu vya nafsi ya pili anapotajwa mtu mmoja. *Tu* ni ya mtu wa karibu mno, mtoto, Mungu, au mtu unayemdharau. *Tum* ni ya rafiki, rika au mdogo wako. *Aap* ni ya heshima, na ndiyo hutumiwa kati ya mteja na mwenye duka wasiojuana sana. Mzee yule alikuwa akiniita *aap* tangu siku ya kwanza. Kumwita *tum* nikiwa na umri wa mwanawe lilikuwa tusi, na nililijua hivyo. Yeye alijibu kwa sentensi moja fupi, bado kwa *aap*, kwamba pesa zangu ziko tayari nikizihitaji.

Mama mwenye nyumba, ambaye sisi wapangaji tulimwita Antiji, aliusoma ujumbe ule mara mbili, akanirudishia simu na kuniuliza, "Hapa amekukosea wapi?" Kisha akanieleza jambo ambalo kitabu changu cha sarufi kililitaja katika tanbihi tu.

Tuseme mtu amechelewesha kitu. Kihindi kinampa angalau njia tatu za kulisema tendo hilo, na zinatofautiana kwa silabi moja au mbili tu. Ya kwanza ni *der ho gayi*, "kuchelewa kumetokea". Haina mtu. Ya pili ni *humse der ho gayi*. Kitenzi ni kile kile, ila sasa kuna *hum*, sisi, na kihusishi *se* nyuma yake. Ya tatu ni *humne der kar di*, "tumefanya kuchelewa". Hapa kihusishi ni *ne*, na kitenzi ni cha kufanya, si cha kutokea.

Kosa langu lilikuwa kuichukua ya pili kama ya kwanza. Kihusishi *se* kwa kawaida hubeba maana ya "kutoka" au "kwa", na hapo ndipo nilipopotelea. Lakini kikiandamana na kitenzi cha kutokea, humtaja mtenda aliyetenda bila kukusudia. Mtoto akiangusha gilasi husema *mujhse gilas toot gaya*, "gilasi imevunjika kutoka kwangu". Hasemi gilasi imejivunja, wala hasemi ameivunja makusudi. Anasema: mimi ndimi, ila sikunuia. Basi sentensi niliyoiona kuwa maficho ilikuwa ukiri.

Kiswahili nacho kina hesabu zake za lawama, ila huziweka kwenye viambishi vya kitenzi. *Tumechelewa* ni kauli ya kutenda, haisemi aliyeumia. *Tumekuchelewesha* ina kauli ya kutendesha na kiambishi cha mtendwa. Anayetamka hivyo amejifunga mwenyewe. Ya kati, ile ya kukiri bila kukusudia, hatuna kiambishi chake. Tunalazimika kuongeza kitenzi kingine: tumeghafilika, tumeteleza, imetuponyoka. Ndiyo maana hata tafsiri yangu ya "tumechelewa" hapo juu inapungukiwa. Leo ningeandika: "Tumeteleza, tukachelewa."

Sasa tuurudie ujumbe tukiwa na ufunguo huo mkononi. Mwenye duka aligawa makosa yake mafungu mawili. Kuchelewa alikuweka kwenye *humse*, kwa sababu mvua za masika ya India, yaani kati ya Juni na Septemba, hakuzitaka wala hakuzileta. Lakini kunyamaza bila kuniarifu hakukuletwa na mvua. Hilo hakulitia kwenye *humse*. Alisema waziwazi *yeh galti hamari hai*, kosa hili ni letu. Na mara tu baada ya hapo akaiacha "sisi" ya duka: *kshama chahta hoon*. Kitenzi *hoon* ni cha nafsi ya kwanza umoja. Duka limekosa, lakini mtu mmoja ndiye anayeomba msamaha.

Tazama pia neno alilolichagua. Katika stesheni za reli za India, treni ikichelewa, husikika tangazo linaloishia na *hamein khed hai*, "tuna masikitiko". *Khed* ni majuto ya anayetangaza. Hayamtaki msikilizaji afanye lolote. *Kshama* ni msamaha, na msamaha hutolewa na mwingine. Anayeutaka amejiweka chini ya uamuzi wako. Angeweza pia kusema *maafi*, neno la asili ya Kiarabu linalotoka kwenye mzizi mmoja na *afu* yetu. Uzito wake ni karibu ule ule, ila *kshama*, lenye asili ya Kisanskriti, lina urasmi zaidi. Mfasiri achunge: *chahta hoon* maana yake ni "nataka", lakini ukiandika "nataka msamaha" kwa Kiswahili umeharibu. Kihindi hutaka kwa adabu, sisi huomba.

Huo ndio unyenyekevu. Msimamo je? Uko katika vitenzi viwili vya wakati ujao ndani ya sentensi moja. *Rui nahi bharenge*: pamba hatutajaza. Hakuna "samahani" wala "huenda". Pamba ikijazwa katika kitambaa chenye unyevu hushikana mabonge na kuota ukungu, na mteja hataligundua hilo dukani. Atalijua nyumbani, harufu ikitoka. Kwa hilo mzee hakulegeza neno. Lakini alipofika kwenye jambo linaloniumiza mimi hakusema *nahi denge*, "hatutakupa". Alisema *nahi de payenge*, "hatutaweza kukupa". Kitenzi kisaidizi *pana* huonyesha kwamba mtu angetaka ila hamudu. Kwa ubora wa kazi alisema hatutaki. Kwa haja yangu alisema hatuwezi. Angebadilisha nafasi za vitenzi hivyo, akasema hatutaweza kujaza pamba na hatutakupa leo, ujumbe ungekuwa dhaifu mahali panapotaka nguvu, na mkavu mahali panapotaka huruma.

Nikamwuliza Antiji, basi mtu hawezi kujificha nyuma ya *humse*? Akasema anaweza sana. Mwenye duka akiziuza razai zako kwa mteja anayelipa zaidi, halafu akuandikie *humse der ho gayi*, amekudanganya kwa sarufi. Sentensi yenyewe haitakuonyesha. Utajua kwa kinachofuata: je, ametaja sababu unayoweza kuihakiki, siku na saa, na njia ya wewe kujitoa bila hasara? Huyu alitaja mvua niliyoiona kwa macho yangu, Jumamosi saa kumi na moja, na pesa zote siku ile ile.

Kesho yake nilikwenda dukani. Njiani nilikuwa nimejizoeza sentensi yangu mpya, nikijivunia somo: *Mujhse galti ho gayi*, nimeteleza. Nilipomwambia Antiji kabla ya kutoka, alitikisa kichwa. "*Tum* ile ilikuponyoka?" Nikanyamaza. Haikuniponyoka. Niliichagua, nikaiandika, nikaisoma tena, nikaituma. "Basi usimwambie *mujhse*," akasema. "Mwambie *maine*."

Waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilisimama mbele ya mzee yule kati ya marobota ya vitambaa, nikamwambia *Maine galti ki. Kshama chahta hoon*. Nimefanya kosa, si kwamba limenitokea. Alinitazama kidogo, akaagiza chai, na hatukulizungumzia tena. Razai zilifika Jumamosi saa kumi na robo jioni, kavu.

Tangu hapo, kila ninaposahihisha barua za wanafunzi wangu za kuomba radhi, huanza na kitenzi. Palipoandikwa "kumetokea ucheleweshaji", huuliza: nani amemchelewesha nani? Mwanafunzi akiweza kujibu kwa kiambishi cha nafsi, barua imeanza kuwa ya kuomba radhi.