Msimbo P0171 Hautaji Spea

Taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi ya gari langu nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Gari lilikuwa linatembea vizuri tu, ila likisimama lilikuwa linatetemeka kidogo, kama mtu mwenye homa inayoanza. Kesho yake nikaenda gereji. Kijana akapenyeza mkono chini ya usukani, akachomeka kifaa chake, akatazama skrini kwa sekunde chache.

"Bosi, oksijeni sensa imekufa. Tutafute nyingine."

Nikatoa shilingi laki moja na nusu, sensa ikafungwa, taa ikafutwa. Siku ya nne ikawaka tena, na kifaa kikasoma namba ileile ya mwanzo: P0171. Kijana hakunidanganya kwa makusudi. Alikosea jambo ambalo wengi tunalikosea: alidhani namba ile imetaja spea.

Tuanze na pale alipochomeka. Chini ya dashibodi upande wa dereva, juu kidogo ya miguu yako, kuna soketi ya plastiki yenye nafasi 16 za pini, iliyopangwa safu mbili za nane nane. Upande mmoja ni mpana kuliko mwingine ili usiweze kuchomeka kinyume. Pini namba 16 ina umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ndiyo maana kifaa kidogo cha bluututhi kikisahaulika humo kwa wiki kadhaa gari likiwa limeegeshwa, unaweza kukuta betri imekwisha. Pini 4 na 5 ni ethi. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, pini 6 na 14 ndizo zinazobeba mazungumzo yenyewe kati ya kompyuta za gari na kifaa cha fundi.

Soketi hii haikuwekwa kwa kumhurumia fundi. Ilizaliwa na moshi. Jimbo la California, lililokuwa limechoshwa na hewa chafu ya miji yake, lilianza kuwalazimisha watengenezaji waweke kompyuta inayojichunguza, na kufikia mwaka 1996 kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na soketi ya aina moja na misimbo inayosomeka kwa kifaa chochote. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa hiyo taa ile kazi yake ya kwanza ni kulinda hewa: kwa sehemu kubwa imepangwa iwake pale hitilafu inapoweza kuufanya moshi uzidi takribani mara moja na nusu ya kiwango kilichoruhusiwa. Ndiyo sababu taa inaweza kuwaka na wewe dereva usisikie tofauti yoyote. Ikianza kumetameta badala ya kuwaka tu, hilo ni jambo jingine: silinda inakosa moto, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na inaweza kuunguza kile kichujio cha moshi ambacho ndani kina matundu kama sega la nyuki. Hapo punguza mwendo, usilikamue gari.

Sisi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani tuna tatizo letu la pembeni. Kuna magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yenyewe, ambayo soketi yake ni ileile ya pini 16 lakini kompyuta haizungumzi lugha ambayo kifaa cha bei rahisi inaielewa. Kifaa kinawaka, kinatafuta, kinakata tamaa. Umbo la soketi halithibitishi lugha. Toyota za zamani zaidi zina kiboksi kidogo chini ya boneti. Fundi anaunganisha kwa kipande cha waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha anahesabu taa inavyopepesa.

Sasa namba yenyewe. Kila msimbo una herufi moja na tarakimu nne. Herufi inakuambia mtaa. P ni injini na gia. C ni chesisi, yaani breki za ABS, usukani na mambo ya chini ya gari. B ni bodi: mifuko ya hewa, madirisha, kiyoyozi. U ni mawasiliano, pale kompyuta moja inapolalamika kwamba mwenzake haijibu. Vifaa vingi vya bei ndogo husoma P peke yake, hivyo kukosa msimbo kwenye skrini hakumaanishi kwamba breki zako ni nzima.

Tarakimu ya kwanza baada ya herufi inasema nani aliandika maana yake. Ikiwa 0, maana ni moja kwa magari yote. Ikiwa 1, mtengenezaji ameiweka mwenyewe, na namba ileile inaweza kuwa jambo moja kwenye Nissan na jambo lingine kabisa kwenye Toyota. Watu wengi hupotelea hapa: wanatafuta maana ya P1 fulani mtandaoni na kusoma jibu la gari la jirani.

Tarakimu ya pili, kwa misimbo ya P, ni kama namba ya nyumba. 1 na 2 ni mchanganyiko wa hewa na mafuta. 3 ni uwashaji, yaani plagi, koili na silinda zinazokosa moto. P0301 ni silinda ya kwanza, P0304 ni ya nne. 4 ni vifaa vya kusafisha moshi, 5 ni mwendo na mngurumo wa gari likiwa limesimama, 6 ni kompyuta yenyewe, 7 na 8 ni gia boksi. Mbili za mwisho ndizo lalamiko lenyewe.

Basi P0171 inasomeka hivi: injini, maana ya wote, hewa na mafuta, na lalamiko ni kwamba mchanganyiko wa upande wa kwanza wa injini una hewa nyingi kuliko petroli. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja kwa kawaida ina upande mmoja tu, kwa hiyo hakuna cha kutafuta upande wa pili. Angalia kwamba neno sensa halimo. Oksijeni sensa ndiye shahidi aliyepeleka habari, na sisi tukamfunga shahidi.

Fundi wa pili niliyempelekea gari ni mzee wa makamo ambaye hapendi maneno mengi. Baada ya shikamoo nikamweleza, akaguna. Hakufuta kitu. Kwanza alifungua picha ambayo kompyuta huipiga dakika ile msimbo unapohifadhiwa: mwendo wa gari ulikuwa sifuri, maji ya injini nyuzi 88. Maana yake injini ilikuwa imeshapata moto na gari limesimama. Kisha akaiacha injini ingurume, akanionyesha namba hizi:

```
RPM        720
SHRTFT1   +3.1 %
LONGFT1  +21.9 %
```

Ili zieleweke, kumbuka kwamba petroli huungua vizuri pale kilo moja inapokutana na kilo 14.7 za hewa. Mlangoni mwa injini kuna sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inatoa petroli kulingana na kipimo hicho. Huko kwenye ekzosi, oksijeni sensa inatazama matokeo. Ikiona oksijeni imebaki, kompyuta inaongeza petroli, isipoiona, inapunguza. SHRTFT1 ni masahihisho ya papo hapo, LONGFT1 ni yale ambayo kompyuta imeyazoea. Kwenye injini nzima namba hizi huzunguka karibu na sifuri. Hapa kompyuta ilikuwa inaongeza karibu robo nzima ya petroli na bado haitoshi.

Mzee akaniambia nikanyage mafuta mpaka mizunguko 2,500 na nishikilie.

```
RPM       2500
SHRTFT1   +0.8 %
LONGFT1   +5.5 %
```

"Umeona?" akaniuliza. "Ingekuwa pampu, ingezidi. Hii imepungua."

Hoja yake ni hesabu ya kawaida. Kama kuna mahali hewa inaingia kwa wizi baada ya sensa ya mlangoni, hewa hiyo haikuhesabiwa na haikupewa petroli yake. Injini ikinguruma polepole inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi ni sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa humo. Pampu dhaifu au filta ya petroli iliyoziba hufanya kinyume: injini ikiwa tulivu mambo ni shwari, ila ukidai nguvu mlimani ndipo petroli inapopungua na namba zinapanda. Na kama sensa ya hewa mlangoni imeshika vumbi ikapima pungufu, namba hazishuki hivi unapokanyaga. Kuna pia ekzosi iliyotoboka kabla ya oksijeni sensa; hiyo huvuta hewa ya nje na kumdanganya shahidi, lakini mara nyingi utausikia mlio wake.

Akachukua koleo, akaanza kubana mipira inayoingia kwenye manifoldi, mmoja baada ya mwingine, macho yakiwa kwenye skrini. Alipobana mpira mfupi unaorudisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini, mtetemo ukaisha na masahihisho ya papo hapo yakaporomoka chini ya sifuri. Akauchomoa. Upande wa chini, pale jicho halifiki, ulikuwa umepasuka kama nusu ya kidole. Mpira mpya ulinigharimu shilingi elfu kumi na tano, na yeye akadai elfu ishirini ya kazi.

Hapo ndipo alipofuta msimbo, mwisho kabisa. Kufuta kunaondoa pia ile picha ya dakika ya hitilafu, na kunarudisha mwanzo majaribio ambayo kompyuta hujifanyia. Kuchomoa betri huleta matokeo yaleyale kwenye magari mengi. Kwa anayenunua gari mkononi, huo ni ushahidi mzuri: ukichomeka kifaa ukakuta hakuna msimbo lakini majaribio mengi yanaonyesha hayajakamilika, kuna mtu ameyafuta karibuni. Angalia pia taa yenyewe. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini lazima iwake. Isipowaka, huenda imezimwa au kutolewa makusudi.

Baada ya wiki moja LONGFT1 ilikuwa +2.3 % gari likiwa limesimama, na taa haijarudi hadi leo. Sensa yangu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko kwenye buti. Nawe taa yako ikiwaka, mwombe fundi akuandikie kwenye karatasi herufi, tarakimu zote nne na namba za ile picha, kabla hajabonyeza kufuta na kabla hujatoa hela ya spea.