Mdomo Unapokwenda Upande: Kisomo Kisicheleweshe Hospitali

Ndugu Waislamu, upo msiba unaoingia nyumbani bila kubisha hodi. Mtu anazungumza na wanawe, ghafla upande mmoja wa uso unalegea, udenda unamtoka na maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi. Wengi wetu husema, "Amepigwa upepo," kisha hutafutwa msomaji. Aghalabu hicho ni kiharusi: mshipa wa damu wa ubongo umeziba, au umepasuka.

Njia ya kumpima ni nyepesi. Mwambie atabasamu, utazame kama mdomo unavutika upande mmoja. Mwambie anyooshe mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi fupi. Ikiwa hata jambo moja limeharibika ghafla, mpelekeni hospitali papo hapo, hata kama dalili zimekwisha zenyewe, kwani huenda hiyo ni onyo la kiharusi kikubwa kinachofuata.

Mshipa mkubwa unapoziba, takriban chembe milioni 2 za ubongo hufa kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya picha ya ubongo, kwa kuwa aliyepasuka mshipa dawa hiyo yaweza kumuua. Hospitali zenye dawa hiyo nchini mwetu ni chache.

Tuchukue mfano wa mzee wa Babati. Amerejea kutoka swala ya Alfajiri, na saa 12:15 asubuhi ameonekana mzima. Saa 12:45 anakutwa mdomo umepinda. Muda huhesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Basi mlango utafungwa saa 4:45. Barabara ya Arusha ni kilomita 170 hivi, karibu saa tatu za safari. Akisubirishwa kisomo hadi Adhuhuri, mlango umekwisha fungwa.

Kwa hiyo afikishwe kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na mtaje saa ile kwa daktari. Apimwe sukari, maana ikishuka mno huleta dalili zinazofanana na hizo. Na ikibidi, apewe rufaa mapema. Hata dawa ya kuyeyusha ikikosekana, uangalizi wa mapema humwepusha na madhara mengine.

Msimpe maji, chakula wala dawa ya kumeza, kwani koo huenda limepooza na kitu kikaingia mapafuni. Msimpe aspirini kabla ya picha, wala dawa ya presha ya jirani. Akisinzia au kutapika, alazwe ubavu.

Dua haikukatazwa, isomwe ndani ya gari, njiani. Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Wabillahi Tawfiq.