Kimo Kilichoandikwa Mwimoni

Katika nyumba moja ya Mtongwe, upande wa Likoni, upo mwimo wa mlango ambao kwa miaka ishirini na ushei haukupakwa rangi, kwa kuwa mwenye nyumba, mzee aliyetoka Ganze ujanani kuja kutafuta kazi ya ukuli Kilindini, alikuwa na ada ya kuwasimamisha wanawe hapo kila mwezi wa kwanza kabla ya shule kufunguliwa, visigino vikigusa ukuta, akachora mstari kwa kalamu ya risasi usawa wa utosi. Mstari wa mwisho wa kifungua mimba wake uko sentimita 165 kutoka sakafuni. Ule wa kitinda mimba uko 174. Na wa mzee mwenyewe, aliojichorea siku moja kwa mzaha, uko 162. Mkewe ana 151. Majirani wamekwisha kutoa hukumu yao juu ya kitinda mimba: “Kamfuata mjombake.” Huyo mjomba nilimwulizia, nikaambiwa ni mtu wa kadiri tu.

Madaktari wa watoto wana hesabu nyepesi ya kukisia kimo atakachofikia mtoto wa kiume: hujumlisha kimo cha baba na cha mama, wakaongeza 13, kisha wakagawanya kwa mbili; na kwa binti, badala ya kuongeza 13, huipunguza. Kwa nyumba hii jawabu ni sentimita 163, na watoto wengi hawatarajiwi kwenda mbali zaidi ya sentimita nane na nusu juu au chini yake, yaani mpaka wa juu ni 171 na nusu. Kifungua mimba amekaa ndani ya mipaka. Kitinda mimba ameuvuka mpaka, na hesabu haina la kumwambia.

Ila iliyomo katika hesabu hiyo ni kwamba huwadhania wazazi kuwa walikifikia kimo ambacho maumbile yao yaliwaruhusu, na dhana hiyo haimfai mtu aliyekulia Ganze katika miaka ya njaa. Hata leo, kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 37 katika kila mia walio chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi wamedumaa, ilhali kwa Kenya nzima ni 18. Sentimita 162 za mzee, basi, ni khabari ya utoto wake zaidi kuliko ya nasaba yake.

Mtoto mwenye siha hurefuka kiasi cha sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza, na kama 12 katika wa pili, wala hatarudia tena mbio za namna hiyo maishani, hata akibaleghe. Kurefuka huko hutokea katika gegedu iliyo karibu na ncha za mifupa mirefu, nayo hufanya kazi kwa amri ya homoni ambazo huteremka mara mwili unapokosa chakula au unapopambana na maradhi. Mtoto anayeharisha hupoteza hamu ya kula, utumbo wake hushindwa kufyonza hicho kidogo alicholishwa, na mwili, kwa busara yake, huhifadhi akiba kwa ajili ya ubongo na moyo, ukaiachia mifupa ingoje. Akipona upesi na akala vyema, atafidia. Lakini kuhara kukifuatwa na malaria, na malaria ikafuatwa na miezi ya uji mtupu usio na maharagwe, samaki wala maziwa, zile siku za mbio hupita, na kuzilipa baadaye ni kazi kubwa.

Hapo ndipo tofauti ya ndugu wawili hawa inapofahamika. Yule wa kwanza alizaliwa Ganze, akaletwa Likoni akiwa na miaka mitano, mbio zimekwisha. Wa mwisho alizaliwa baba ana mshahara, chandarua kimetundikwa, na zahanati ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Najua nyumba moja si ushahidi, kwa maana ndugu hurithi kwa mafungu tofauti. Lakini nilipowaketisha baba na kitinda mimba juu ya baraza moja, vichwa vyao vilikaribiana sana, na waliposimama, mwana akamzidi baba kwa kichwa kisichopungua nusu. Ziada yote ilikuwa miguuni, katika paja na muundi.

Jambo hilo wataalamu wamelikuta kwa wahamiaji wa mbali na sisi. Mwanaanthropolojia Barry Bogin na wenzake waliwapima watoto wa Wamaya, ambao wazazi wao waliikimbia vita ya Guatemala wakahamia Marekani, wakaona kwamba kati ya miaka mitano na kumi na miwili walikuwa warefu kuliko watoto wa Kimaya waliobaki Guatemala kwa wastani wa sentimita kumi na moja na nusu, na karibu saba kati ya hizo zilikuwa za miguu. Sababu ni kwamba utotoni miguu hurefuka kwa kasi zaidi kuliko kiwiliwili, kwa hiyo dhiki ikiingia wakati huo, miguu ndiyo hulipa. Wengi wa watoto hao pia walikuwa wamenenepa kupita kiasi, jambo ambalo atakayepita jioni penye meza za chipsi za Kisauni hatalistaajabia.

Wenye jamaa Maskati, nao ni wengi pwani hii, watapendezwa na mfano mwingine. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita, zikiwamo Omani na Norwe, likichagua nyumba zisizo na dhiki na mama wanaonyonyesha. Wazazi wa Maskati walikuwa wafupi kuliko wa Oslo, lakini watoto wao wa miaka miwili walikaribia kulingana. Wazazi hao hawakuhama. Zama ndizo zilizowahamia, kwa kuwa kabla ya 1970 Omani nzima ilikuwa na hospitali za kuhesabika. Na vipimo vya watoto hao ndivyo vilivyofanywa kanuni mwaka 2006, hata mistari iliyomo katika kijitabu cha kliniki cha mtoto wa Changamwe imetoka kwao.

Lakini kuvuka kuja mjini hakutoshi peke yake. Penye maji ya kununua kwa mtungi na choo kinachoshirikiwa na milango kumi, kuhara hufuatana na mtoto kama kulivyomfuata baba yake kijijini. Tena mama aliyedumaa huelekea kuzaa mtoto mdogo, na kwa hiyo nyumba nyingine hungoja hadi wajukuu.

Kudumaa nako hujificha, kwa sababu mtoto mfupi mwenye viungo vilivyolingana huonekana mzima, na mzani haumfichui. Lazima apimwe kimo, tena kwa uangalifu. Chini ya miaka miwili hupimwa amelala, baada ya hapo amesimama, na kulala humwongezea sentimita sifuri nukta saba. Mvulana aliyetimiza miaka miwili, aliyelazwa akapata 81.3, yuko chini ya mpaka wa kulala, ambao ni 81.7, lakini muuguzi akimsoma kwa mpaka wa kusimama, ambao ni 81.0, atamwandika kuwa salama.

Mzee wa Mtongwe ana mjukuu wa umri huo, mtoto wa bintiye aliyeolewa Kisauni. Nilipokuwapo alimsimamisha penye mwimo, kalamu mkononi. Mtoto akakunja magoti, akakaa kitako sakafuni, akaanza kuchezea kandambili za babu yake, na mzee akavuta kigoda akangoja.