Mporomoko wa Mfuko na Faida Inayohitajika Kurudi Ulipokuwa

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja unapotangazwa, msomaji kwa kawaida huoneshwa wastani wa faida. Wastani huo una manufaa yake, lakini hausemi jambo ambalo mwenye vipande angependa kulijua mapema: katika kipindi kibaya kuliko vyote, fedha zake zingepungua kwa kiasi gani, na ingehitajika faida ya kiasi gani ili zirudi zilipokuwa. Katika sura hii tunaeleza namna ya kupata majibu ya maswali hayo mawili kwa kutumia orodha ya matokeo ya kila mwezi na kikokotoo cha kawaida.

Tuchukue mfuko wa mfano unaowekeza katika hisa. Mwekezaji ameweka shilingi 1,000,000, na kwa miezi saba hakuongeza wala kutoa fedha yoyote. Matokeo ya mfuko yalikuwa haya:

| Mwezi | Matokeo ya mwezi | Thamani mwishoni mwa mwezi (Sh) | Umbali chini ya kilele |
|---|---|---|---|
| 1 | +10% | 1,100,000 | 0% |
| 2 | −10% | 990,000 | 10.0% |
| 3 | +10% | 1,089,000 | 1.0% |
| 4 | −20% | 871,200 | 20.8% |
| 5 | −10% | 784,080 | 28.7% |
| 6 | +10% | 862,488 | 21.6% |
| 7 | +10% | 948,737 | 13.8% |

Ukijumlisha asilimia za safu ya pili, utapata sifuri. Muuzaji anaweza kusema, bila kukosea katika hesabu yake, kwamba wastani wa matokeo ya mwezi ni sifuri, na mnunuzi akadhani kwamba mfuko haukupata wala haukupoteza. Lakini mwekezaji wetu amebaki na shilingi 948,737, yaani amepoteza zaidi ya shilingi 51,000. Sababu ni kwamba asilimia za miezi haziwekwi pamoja kwa kujumlishwa. Kila moja hupigwa juu ya thamani iliyoachwa na mwezi uliotangulia. Asilimia 10 ya shilingi 1,100,000 iliyopotea katika mwezi wa pili ilikuwa shilingi 110,000. Asilimia 10 iliyopatikana katika mwezi wa tatu ilipigwa juu ya shilingi 990,000, ikaleta shilingi 99,000 tu.

Sasa tutafute mporomoko mkubwa kuliko yote. Anza na thamani ya mwanzo na uihesabu kuwa kilele cha kwanza. Kila mwisho wa mwezi, tazama kama thamani imepita kilele hicho. Ikiwa imepita, hiyo ndiyo kilele kipya. Ikiwa haijapita, toa thamani ya mwezi katika kilele, kisha gawanya tofauti hiyo kwa kilele. Jibu kubwa kuliko yote katika orodha ndilo tunalolitafuta.

Katika mfano wetu kilele kilikuwa shilingi 1,100,000 na thamani ya chini kabisa iliyofuata ilikuwa shilingi 784,080. Tofauti yake ni shilingi 315,920, na ukiigawanya kwa 1,100,000 unapata asilimia 28.7. Tazama kwamba mwezi mbaya kuliko yote ulishuka kwa asilimia 20 peke yake. Mporomoko umekuwa mkubwa zaidi kwa sababu umekusanya miezi kadhaa. Ahueni ya mwezi wa tatu haikuukata, kwa kuwa thamani haikufika tena kwenye kilele.

Kosa moja hutokea mara nyingi katika hesabu hii, nalo ni kuchukua thamani ya juu kabisa na ya chini kabisa katika orodha nzima bila kujali ipi ilitangulia. Mfuko uliopanda kutoka shilingi 100 hadi 200 haukuporomoka kwa asilimia 50. Thamani ya chini lazima iwe imekuja baada ya kilele.

Swali la pili ni la kurudi. Watu wengi hudhani kwamba aliyepoteza asilimia 28.7 anahitaji kupata asilimia 28.7. Sivyo. Shilingi 315,920 zilizopotea lazima zizalishwe na shilingi 784,080 zilizobaki. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, nawe utapata asilimia 40.3. Kadiri mporomoko unavyokuwa mkubwa, ndivyo pengo hili linavyopanuka kwa kasi. Hasara ya asilimia 10 hufidiwa na faida ya asilimia 11.1. Hasara ya asilimia 20 hudai faida ya asilimia 25, ya 50 hudai 100, na ya 80 hudai 400.

Faida hiyo pia huchukua muda. Tukidhani kwamba baada ya mwezi wa tano mfuko wetu ungepata asilimia 1 kila mwezi bila kukosa, ungehitaji miezi 35 kufika tena shilingi 1,100,000. Miezi mitano ya misukosuko ingelipwa kwa takriban miaka mitatu ya utulivu.

Historia ya soko la hisa la New York inaonesha jambo hili linavyoweza kwenda mbali. Kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilifunga tarehe 3 Septemba 1929 kikiwa 381.17. Tarehe 8 Julai 1932 kilikuwa 41.22, yaani kimeporomoka kwa asilimia 89. Kurudi kulihitaji ongezeko la takriban asilimia 825, na kilele cha zamani hakikupitwa hadi Novemba 1954. Kipimo hicho hakihesabu gawio ambalo wenye hisa walilipwa, kwa hiyo aliyekuwa akirudisha gawio lake katika hisa alifidiwa mapema zaidi. Lakini aliyelazimika kuuza mwaka 1932 hakuwa na lolote la kusubiri.

Hesabu hii ina mipaka yake. Takwimu za mwisho wa mwezi huficha kushuka kulikotokea na kufidiwa katikati ya mwezi. Mfuko ulioanza baada ya soko kuanguka utaonesha mporomoko mdogo kwa sababu tu haukuwepo wakati wa dhiki. Mporomoko uliopita pia si ukomo, kwani ujao unaweza kuuzidi. Aidha, tumia bei ya kipande badala ya salio la akaunti yako, kwa maana salio hupungua unapotoa fedha na huongezeka unapoweka, hata kama bei haikubadilika.

Kabla ya kununua vipande, tunashauri umwombe meneja wa mfuko bei ya kipande ya kila mwisho wa mwezi tangu mfuko uanze, ufanye hesabu hii mwenyewe, na uhesabu pia miezi iliyopita kutoka kilele hadi thamani iliporudi. Kisha geuza asilimia kuwa shilingi za fedha zako. Ikiwa kiasi hicho ni ada ya shule au kodi ya nyumba unayopaswa kulipa kabla ya muda huo kwisha, fedha hizo hazifai kuwekwa katika mfuko huo.