Neno ශ්‍රී linapovunjika kwenye skrini

Jina la Sri Lanka kwa Kisinhala huanza na neno fupi, ශ්‍රී. Msomaji huona umbo moja tu: herufi ශ, mkunjo chini yake unaosimama badala ya r, na juu alama ya i ndefu. Kompyuta, hata hivyo, huhifadhi alama tano zinazofuatana. Kwanza ni ශ. Ya pili ni al-lakuna, inayoondoa vokali a iliyomo ndani ya konsonanti. Ya tatu haionekani kabisa, nayo hujulikana kwa namba yake, U+200D. Kisha huja ර, na mwisho i ndefu.

Alama hiyo ya tatu ndiyo chanzo cha usumbufu mwingi. Katika Devanagari, mwandiko wa Kihindi, konsonanti huungana zenyewe vokali inapoondolewa. Kisinhala husubiri kuamriwa: U+200D ikikosekana, herufi hukaa mbalimbali na neno hutokea hivi, ශ්රී. Linasomeka, lakini kwa msomaji wa Kolombo ni jina la nchi lililoandikwa vibaya.

Kosa linaweza kuwa katika maandishi au katika fonti, na tiba zake hazifanani. Kwa hiyo anza na maandishi. Zipo programu za kuchapisha zinazofuta kila alama isiyoonekana zikidhani ni takataka. Nakili neno kutoka kwenye ukurasa uliokwisha chapishwa, si kutoka kwenye rasimu yako, kisha libandike katika konsoli ya kivinjari:

```
[..."ශ්‍රී"].map(c => c.codePointAt(0).toString(16))
```

Jibu sahihi ni `dc1, dca, 200d, dbb, dd3`. Ukiona nne tu, `200d` imepotea njiani, na hakuna fonti itakayoirudisha.

Zikiwa tano na neno bado limevunjika, ichunguze fonti. Watengenezaji wa tovuti hupunguza faili la fonti ili lipakuliwe haraka, wakibakiza herufi za Kisinhala pekee, U+0D80 hadi U+0DFF. U+200D iko nje ya safu hiyo. Ikiachwa, kanuni za kuunganisha zinazoitegemea nazo huondolewa, ingawa kila herufi peke yake huonekana sawa. Ili kuhakikisha, lionyeshe neno lilelile kwa Noto Sans Sinhala kamili, au kwa Nirmala UI iliyomo ndani ya Windows. Likiungana huko, fonti ya tovuti ndiyo yenye kasoro, na itengenezwe upya ikiwa na U+200C na U+200D ndani yake.

Usijaribu kwa ශ්‍රී peke yake. Ongeza වාක්‍ය, maana fonti inaweza kuunganisha r ikashindwa kuunganisha y. Kwa neno dharma tahadhari inahitajika: ධර්‍ම, lenye r iliyopanda juu ya herufi inayofuata, na ධර්ම lisilounganishwa yote mawili ni sahihi, na hilo la pili limezoeleka leo. Mhariri anayepachika U+200D kila anapokuta al-lakuna atakuwa anabadilisha tahajia ya mwandishi.