Eka mbili za shule: uwanja wa mpira unakula kiasi gani?

Leo naleta ishu ya uwanja wa shule yetu hapa Mbezi Beach. Niko kwenye kamati ya wazazi na tulikaa kikao kupanga kiwanja cha michezo. Mjumbe mmoja akasema, "Tuna eka mbili, tuweke uwanja kama wa Mkapa, pete watajibana pembeni." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaomba tupime kwanza.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye hiyo eka. Mtaani tunasema eka ni 70 kwa 70, na wengi wanadhani ni mita. Sio mita jamani, ni hatua, na hatua ya mtu mzima inakaribia yadi moja, yaani sentimita 91. Eka halisi ni mita za mraba 4,047, sawa na kama mita 64 kwa 64. Ukihesabu 70 kwa 70 za mita unapata 4,900, umejiongezea ardhi ambayo haipo. Kiwanja chetu kilipimwa hatua 70 kwa 140. Tulipopita na tepu tukapata mita 62 kwa 126, yaani 7,812. Kamati ilikuwa inahesabu 9,800! Karibu mita 2,000 zilikuwa za kwenye karatasi tu.

Sasa uwanja kama wa Mkapa ni mita 105 kwa 68. Kwetu upana ni 62, kwa hiyo hauingii hata ukiugeuza. Mjadala ukaishia hapo. Lakini sheria za soka zinaruhusu uwanja mdogo kuanzia urefu wa mita 90 na upana wa 45. Hiyo ni 4,050, karibu eka moja kamili. Ila msidanganyike kwamba unaingia kwenye eka moja. Kwanza eka ya 64 kwa 64 haina urefu wa 90. Pili, mtoto anayekimbia haishii kwenye mstari, anahitaji nafasi ya kusimama kabla ya ukuta. Tuliweka mita 3 kila upande, ikawa 96 kwa 51, yaani 4,896.

Hapo ndio watu wanapokosea kulinganisha viwanja. Wa pete ni mita 30.5 kwa 15.25, yaani 465. Ukigawanya 4,050 kwa 465 unapata viwanja 8 na kidogo. Weka mita 3 kuzunguka kila kimoja, kinakuwa 36.5 kwa 21.25, kama 776. Gawanya 4,896 kwa 776, vinabaki 6. Halafu chora kwenye karatasi yenye miraba: vinaingia 5 tu, kwa sababu pembeni vinabaki vipande virefu visivyotosha kiwanja. Ukubwa wa eneo unakwambia kisichowezekana. Kinachowezekana unakijua kwa kuchora.

Tukachora. Uwanja wa mpira tukausukuma kwenye kona moja ya kiwanja, ukabakiza mita 30 mwishoni na 11 ubavuni. Kwenye zile 30 tukalaza uwanja wa pete kwa upana wa kiwanja (36.5), na kando yake tukasimamisha wa wavu. Wavu ni 18 kwa 9, na nafasi zake unakuwa 24 kwa 15. Jumla 51.5, kwa hiyo ubavuni ukabaki ukanda wa mita 10.5 kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa kiwanja. Hapo panakaa mbio za mita 100: mita 3 za kuanzia, 17 za kusimamia, jumla 120 ndani ya 126. Njia 6 za mita 1.22 zinachukua kama mita 7.3. Kama tungeulaza wavu upande mwingine, mbio zingekufa.

Kikapu (28 kwa 15) tutakichora juu ya uwanja wa pete, kwa rangi nyingine. Mbio za mzunguko wa mita 400 tumesahau, zile zinataka kama 177 kwa 93, zaidi ya eka nne.

Siku ya kupiga chokaa, pima kona kwa kona. Uwanja wa 90 kwa 45 uliokaa sawa unatoa mita 100 na sentimita 62 pande zote mbili. Zikitofautiana, umepinda.

Mabinti wa pete wamepata kiwanja chao, sio kujibana nyuma ya goli wakikwepa mipira. Wadau wa Tegeta na Temeke, cha shule yenu mlikipima kwa tepu au kwa hatua? Mwageni hapo chini.

Nawasilisha.
Mdau, Mbezi Beach