Eneo la Uso: Rangi na Utando wa Kuzuia Maji Bafuni

Katika nyumba moja ya kupanga Kata ya Kitaji, Manispaa ya Musoma, niliwahi kuishi chumba kilichopakana na bafu. Kila baada ya miezi michache rangi ya ukuta ilibambuka sentimita chache juu ya sakafu, na mahali hapo pakaota unga mweupe wa chumvi. Mwenye nyumba alipaka rangi upya mara mbili, na mara zote mbili ikabambuka tena. Tatizo halikuwa rangi ya chumbani. Upande wa bafuni dawa ya kuzuia maji ilipakwa sakafuni tu, ikaishia pale sakafu inapokutana na ukuta. Fundi alikuwa ametafuta eneo la mstatili mmoja, wakati bafu lina nyuso tano.

Pale sakafu inapokutana na ukuta ndipo ufa huanzia, kwa sababu sakafu na ukuta havitanuki wala kusinyaa kwa pamoja. Kwa hiyo kinga lazima ipande ukutani. Ukanda huo unaopanda tutauita ukanda wa ukutani.

Mfano

Bafu lina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.8. Mlango una upana wa mita 0.8. Ukanda wa ukutani unapanda sentimita 30 kuzunguka bafu lote isipokuwa mlangoni. Rangi ya kuzuia maji inapakwa mikono miwili, na kopo limeandikwa: lita 0.5 kwa kila mita ya mraba, kwa kila mkono. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya rangi inayobaki kwenye brashi na kopo. Rangi inauzwa kwa makopo ya lita 5. Yanahitajika makopo mangapi?

Hatua ya 1: Eneo

Eneo la sakafu = 2.4 × 1.8 = 4.32 m²

Mzingo = 2(2.4 + 1.8) = 8.4 m

Mzingo bila mlango = 8.4 − 0.8 = 7.6 m

Eneo la ukanda wa ukutani = 7.6 × 0.3 = 2.28 m²

Jumla = 4.32 + 2.28 = 6.60 m²

Kumbuka kubadili sentimita 30 kuwa mita 0.3 kabla ya kuzidisha. Angalia pia kwamba ukanda wa sentimita 30 tu umeongeza zaidi ya nusu ya eneo la sakafu. Bafu likiwa dogo, ukanda huwa sehemu kubwa ya kazi.

Hatua ya 2: Mikono ya rangi

6.60 × 0.5 × 2 = 6.6 lita

Pamoja na asilimia 10: 6.6 × 1.1 = 7.26 lita

Makopo = 7.26 ÷ 5 = 1.452, yaani makopo 2

Hapa hatukadirii kwa kanuni ya kawaida. Ingawa 1.452 iko karibu na 1, duka haliuzi sehemu ya kopo, na kopo moja halitoshi. Katika maswali ya kununua vitu, panda hadi namba nzima inayofuata.

Sasa tuone kosa linagharimu nini. Mtahiniwa aliyesahau ukanda wa ukutani atapata 4.32 × 0.5 × 2 × 1.1 = 4.752 lita, yaani kopo 1. Aliyesahau mkono wa pili atapata 3.63 lita, naye atanunua kopo 1. Fundi akiwa na kopo hilo moja atalivuta lienee eneo lote mara mbili. Lita moja ikisambazwa sawasawa juu ya mita moja ya mraba hufanya unene wa milimita 1. Lita 5 juu ya 6.60 m² hufanya 5 ÷ 6.60 = 0.76 mm, hata kama hakuna tone litakalopotea, wakati kopo linataka milimita 1 ikiwa bado mbichi. Karibu robo ya unene imekosekana. Akiongeza maji ili rangi ienee, anajidanganya, maana maji hukauka na kuondoka. Kinachobaki ukutani ni kilekile.

Mikono miwili haifanyi kazi sawa na mkono mmoja mzito. Mkono wa kwanza ukikauka huacha vitundu vidogo kama vya sindano. Mkono wa pili, unaopakwa kwa mwelekeo unaokatisha ule wa kwanza, huviziba.

Hatua ya 3: Utando na kulaliana

Badala ya rangi, mtu anaweza kutumia utando wa lami unaouzwa kwa jora, upana mita 1 na urefu mita 10. Vipande vyake lazima vilaliane sentimita 10 ili maji yasipite kwenye maungio. Hapa kugawanya eneo hakutoshi.

Fikiria bafu kama sanduku la katoni lisilo na mfuniko, ulilolifungua na kulilaza chini. Urefu unakuwa 2.4 + 0.3 + 0.3 = 3.0 m, na upana 1.8 + 0.3 + 0.3 = 2.4 m. Ziada ya pembeni hukunjwa, na ya mlangoni hukatwa.

Tandika vipande kwa urefu. Kipande cha kwanza kinafunika mita 1. Kila kinachofuata kinaongeza mita 0.9 tu, kwa kuwa mita 0.1 imelalia mwenzake.

1 + 0.9(n − 1) ≥ 2.4

n − 1 ≥ 1.56, kwa hiyo n = 3

Utando = 3 × 3.0 = 9 m

Anayegawanya eneo la 6.60 m² kwa upana wa mita 1 atasema mita 7 zinatosha. Akizikata atapata vipande viwili vya mita 3, na kipande cha mita 1 kisichofika popote.

Kujua kama kazi imefaulu

Kabla ya kuweka vigae, kinga ikishakauka, ziba tundu la kutolea maji, weka kizuizi mlangoni, jaza maji kina cha sentimita 3, kisha weka alama ukutani. Maji yanayohitajika ni 4.32 × 0.03 = 0.1296 m³, yaani lita 129.6, sawa na madumu saba ya lita 20, la mwisho likibaki na maji. Acha saa 24. Maji yakishuka sentimita 1, lita 43.2 zimeondoka. Jua haliwezi kukausha kiasi hicho ndani ya chumba kwa siku moja, kwa hiyo kuna mahali panavuja. Tafuta unyevu upande wa pili wa kuta.

Zoezi

Bafu lina mita 2.0 kwa 1.5, mlango wa mita 0.7. Ukanda wa ukutani, rangi, makopo na jora ni kama katika mfano.

(a) Tafuta idadi ya makopo.

(b) Tafuta urefu wa utando vipande vikitandikwa kwa urefu, kisha kwa upana. Njia ipi inaokoa utando?

Majibu

(a) Eneo ni 4.89 m², rangi ni lita 5.379; makopo 2. Ukisahau asilimia 10 utapata kopo 1, na hilo ni kosa.

(b) Kwa urefu: vipande 3 × 2.6 = 7.8 m. Kwa upana: vipande 3 × 2.1 = 6.3 m. Kwa upana kunaokoa mita 1.5. Jaribu njia zote mbili kabla ya kukata.